Shajara ya mradi: jiko la mkaa, mikunjo na mizunguko ya kushikilia

Jumatatu. Kizimba cha kwanza

Kazi ni modeli ya 3D ya jiko la mkaa lenye kauri ndani, lile lenye kiuno ambalo Kenya imelijua tangu miaka ya 1980. Modeli itaingia kwenye video fupi inayoonyesha jinsi kauri inavyokaa ndani ya bati na jinsi mlango wa chini unavyopitisha hewa. Kamera itazunguka jiko polepole. Maana yake mwanga utatembea juu ya bati na kuvuka kila ukingo, na kasoro ndogo mno ambayo picha tuli ingeificha itaonekana ikicheza kama wimbi. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni kingo zaidi ya kitu kingine chochote: ipi niipe mkunjo, yaani alama inayoiambia programu iuache ukingo ukiwa mkali, ipi niizungushie mizunguko ya kushikilia, yaani kingo za ziada zilizo karibu nayo, na kwa umbali gani.

Vipimo nimevitoa kwenye jiko halisi. Mdomo una kipenyo cha sentimita 28, kiuno 18, kitako 26. Urefu ni sentimita 22 na kiuno kiko katikati. Juu, bati limekunjwa kwenda ndani kwa upana wa milimita 15 ili kuishika kauri. Bati lenyewe ni la milimita moja.

Natumia Blender, programu ya kujenga modeli za 3D, pamoja na modifaya yake ya Subdivision Surface. Kwa anayeanza: unajenga kizimba, yaani umbo la nyuso chache za pembe nne, kisha programu inagawa kila uso kuwa nyuso nne, inasogeza kila kipeo kuelekea wastani wa jirani zake, na kurudia. Kanuni zake ziliandikwa na Edwin Catmull na James Clark mwaka 1978. Nguvu ya wastani huo si ndogo. Chukua mchemraba ambao kona yake iko kwenye (1, 1, 1). Baada ya hatua moja tu ya ugawaji kona hiyo imerudi hadi 0.556 kwenye kila mhimili, na katikati ya ukingo pamerudi kutoka 1 hadi 0.75. Hakuna kinachobaki pale ulipokiweka, na kazi yote ya kingo kali ni kuamua nini kiruhusiwe kurudi na kwa kiasi gani.

Jambo hili linagusa hata duara. Duara la vipeo 16 linasinyaa hadi asilimia 97.46 ya nusukipenyo chake, na la vipeo 8 linashuka hadi asilimia 90.24. Ukilijenga jiko kwa nusukipenyo cha sentimita 14 na vipeo 16, mdomo unaoupata una kipenyo cha sentimita 27.3 badala ya 28, na kauri uliyoipima vizuri haitaingia. Hesabu ya kurekebisha ni kugawa: 14 kwa 0.9746 ni 14.37, ndiyo namba niliyoiweka. Jambo la kufurahisha ni kwamba umbo lenyewe ni la mviringo mzuri hata kwa vipeo vichache. Kwa vipeo 8, tofauti kati ya sehemu iliyo mbali zaidi na katikati na iliyo karibu zaidi ni kama sehemu moja kwa elfu. Ukubwa ndio unaopotea, mviringo unabaki.

Kizimba cha leo kina duara tatu tu za vipeo 16: mdomo, kiuno na kitako, pamoja na ule ukingo wa ndani wa juu. Ukiwasha modifaya, kiuno kinatoweka na jiko linakuwa mtungi.

Jumanne. Kiuno kwa mkunjo

Njia ya haraka ni mkunjo. Unachagua duara la kiuno, unabonyeza Shift+E na kuandika 1. Kuanzia hapo vipeo vya kiuno havitazami tena nyuso za juu na chini. Kila kimoja kinatazama jirani zake wawili walio kwenye mstari huohuo wa mkunjo: sita ya nane ya nafasi yake yenyewe, na moja ya nane kutoka kwa kila jirani. Kiuno kinabaki duara safi, kinasinyaa kwa kiwango kilekile cha 0.9746 kama sehemu nyingine, na mstari unakuwa mkali kabisa. Hakuna kipeo hata kimoja kilichoongezwa.

Tatizo ni ule ukali kabisa. Mstari usio na upana haushiki mwanga. Sehemu ya juu ya jiko ina rangi yake, ya chini ina yake, na kati yake hakuna ule uzi mwembamba wa mng'ao tunaouona kwenye kitu cha chuma. Nilimwonyesha mzee mmoja fundi wa bati huko Kamukunji, Nairobi, picha ya jaribio, akapitisha kidole juu ya kiuno cha jiko lililokuwa mbele yake na kuniambia, "Bati halivunjiki, kijana. Linageuka." Nimekubaliana naye kwamba mgeuko wa pale una nusukipenyo cha kama milimita 2. Hiyo ndiyo shabaha.

Basi nikajaribu mkunjo usio kamili. Wazo la mkunjo wenye kiwango lilitoka kwa DeRose, Kass na Truong mwaka 1998, na ni rahisi kulielewa: ukali ni idadi ya hatua za ugawaji ambazo ukingo utafuata kanuni kali kabla ya kurudi kwenye kanuni laini. Ukali 3 maana yake hatua tatu kali, halafu laini. Ukiwa na desimali, hatua ya mwisho inakuwa mchanganyiko wa kanuni zote mbili. Blender haikuonyeshi namba hiyo moja kwa moja. Inachukua thamani ya Mean Crease, kati ya 0 na 1, inaizidisha kwa yenyewe, kisha mara 10. Kwa hiyo 0.5 kwenye skrini ni ukali 2.5, 0.7 ni ukali 4.9, na 1 ni ukali 10 ambao unachukuliwa kuwa hauna mwisho. Ndiyo sababu kusogeza namba kutoka 0.1 hadi 0.2 hakuonyeshi kitu, huku kutoka 0.6 hadi 0.7 umbo linabadilika ghafla.

Sasa lipo jambo moja ambalo napenda kulieleza kwa urefu, kwa sababu ndilo lililoamua mradi huu. Kila hatua kali ya ugawaji inaweka kipeo kipya katikati ya kiuno na jirani yake wa juu. Baada ya hatua moja jirani wa karibu yuko nusu ya umbali, baada ya mbili yuko robo, na kadhalika. Zikiisha hatua kali, kanuni laini inaanza kazi ikiwa na jirani aliyekwisha kusogea karibu sana. Yaani mkunjo wa ukali *s* ni sawa na kuweka mzunguko wa kushikilia kwa umbali huu:

```
d = D / 2^s
```

Hapo D ni umbali kutoka ukingo hadi mzunguko wa kwanza halisi kwenye kizimba. Jiko langu ni koni mbili zilizokutana kiunoni; ukipima kwa mshazari, kutoka kiuno hadi mdomo ni milimita 121, na kutoka kiuno hadi kitako ni 117. Mkunjo wa 0.7 una hatua karibu tano kali, na 121 kwa 32 ni kama milimita 3.8.

Tazama linalofuata. Koni ya chini itahitaji mzunguko wa vipeo kwa ajili ya sehemu ya juu ya mlango, milimita 30 chini ya kiuno. Mara tu mzunguko huo unapoingia, D ya upande wa chini si tena 117 bali 30, na *d* yake inakuwa chini ya milimita moja. Upande wa juu bado ni 3.8. Kiuno kimoja, namba moja ya mkunjo, lakini mgeuko wa juu ni mpole na wa chini ni mkali. Hujagusa mkunjo hata kidogo. Mtu akiona ukingo umebadilika baada ya kuongeza mzunguko mahali pengine kabisa, sababu ni hii. Mkunjo usio kamili hauhifadhi nusukipenyo. Unahifadhi uwiano na uso wa jirani.

Kuna na suala la uzito. Mgeuko wa milimita 2 au 3 unahitaji vipeo vya kuuonyesha. Kwa ngazi 2 ya modifaya, vipeo vya koni ya juu vinakaa kila milimita 30, na hapo mgeuko hauna mahali pa kuonekana. Ili vipeo vifike karibu na milimita 2 unahitaji ngazi 6, na kila ngazi inazidisha nyuso mara nne. Nyuso 16 za koni ya juu zinakuwa 65,536, nyingi zikiwa zimekaa kwenye bati lililonyooka zisikohitajika.

Alhamisi. Hesabu ya mizunguko ya kushikilia

Mzunguko wa kushikilia ni ukingo wa ziada unaokwenda sambamba na kona, karibu nayo. Hauna kanuni yake ya pekee. Unafanya kazi kwa sababu wastani unahusu jirani tu: ukimweka jirani karibu, kona haina umbali mrefu wa kurudi. Watu wengi huuweka kwa jicho, na mara nyingi jicho linatosha. Lakini kwa kuwa nina nusukipenyo ninachokitaka, nilitaka kujua umbali.

Ukiukata uso kwa upande, penye safu za nyuso zilizopangika vizuri, mkato wake ni mstari wa B-spline wa daraja la tatu, yaani mstari laini unaovutwa na vipeo vya kizimba bila kulazimika kuvigusa. Kona ikiwa na jirani wawili kwa umbali *d*, na mstari ukigeuka kwa pembe φ (0 ni mstari ulionyooka, 90 ni kona ya sanduku), nusukipenyo cha mahali palipobana zaidi ni hiki:

```
r = d · cos²(φ/2) / (2 · sin(φ/2))
```

Nimeigeuza ili inipe umbali, na ninaitumia ndani ya Blender kwenye dirisha la Python:

```python
from math import sin, cos, radians

def umbali(r, phi):
    h = radians(phi) / 2
    return 2 * r * sin(h) / cos(h)**2
```

Kwa kona ya digrii 90 na nusukipenyo cha milimita 1, jibu ni 2.83. Hiyo inafaa kukaririwa: kwenye kona ya sanduku, mzunguko wa kushikilia unakaa karibu mara tatu ya nusukipenyo unachokitaka.

Kwenye jiko, koni ya juu imelala nje digrii 24.4 na ya chini digrii 20, hivyo kiuno kinageuka digrii 44.4. Mdomo ni tofauti sana: bati linapanda likielekea nje, kisha linarudi ndani likiwa limelala, jumla ya digrii 114.4. Nikitaka nusukipenyo kilekile cha milimita 2 kila mahali, kiuno kinahitaji mizunguko kwa umbali wa milimita 1.8, kona ya digrii 90 inahitaji 5.7, na mdomo unahitaji 11.5.

Tofauti hiyo ni zaidi ya mara sita, na inaeleza kitu ambacho kila aliyejenga modeli za namna hii amekiona. Ukiweka mizunguko yote kwa umbali mmoja, kona zilizobana zinatoka kali kama wembe na zile pana zinatoka kama sabuni iliyotumika. Kona pana ndiyo inayotaka mizunguko ya karibu zaidi. Macho hudanganyika hapa, kwa sababu kiuno chenye pembe pana kinaonekana kwenye kizimba kama kisichohitaji msaada mkubwa.

Kuingiza mizunguko hii kwa Ctrl+R ni kazi ya kubahatisha, maana kuteleza kwa mzunguko kunapimwa kwa uwiano wa uso, si kwa milimita. Njia ninayoipenda ni modifaya ya Bevel iliyotangulia Subdivision Surface: Segments 2, Shape 1.0, Limit Method ikiwa Weight. Kwa Shape ya 1.0 ukingo wa awali unabaki mahali pake na pande zote mbili unazaliwa mzunguko mmoja kwa umbali wa Width. Nimeweka Width milimita 11.5, kisha uzito wa Bevel 1 kwenye mdomo, 0.5 kwenye kona za digrii 90, na 0.16 kwenye kiuno. Namba tatu zinashika jiko zima, na mteja akisema kingo ni kali mno nabadilisha Width moja tu.

Swali lililobaki ni kama mzunguko mmoja kila upande unatosha. Mstari wa B-spline hauanzi kugeuka pale mzunguko ulipo. Kama mzunguko wa kushikilia uko kwa umbali *d* na unaofuata uko kwa umbali D, mgeuko unaanza kwenye (D + 4d) / 6 kutoka kona. Kwa kiuno chenye *d* ya 1.8 na mzunguko wa kushikilia wa mdomo ulio mbali milimita 109.5, hiyo ni zaidi ya milimita 19. Inatisha ukiisoma, lakini sehemu kubwa ya mgeuko huo ni ndogo mno: milimita 3 na nusu kutoka kiuno, uso umegeuka karibu nusu digrii tu. Kwa bati lililopakwa rangi isiyong'aa ningeuacha hivyo. Kwa bati jipya linalong'aa, nusu digrii ya uso ni digrii nzima ya taswira inayoakisiwa, na kamera ikitembea inaonekana. Hivyo kwenye kiuno peke yake nimeongeza mzunguko wa pili kwa umbali wa milimita 3.6. D ikiwa mara mbili ya *d*, mgeuko unaanza hasa pale mzunguko wa kwanza ulipo, na bati lililobaki linanyooka kweli.

Koni ya juu sasa, pamoja na mzunguko wa mdomo, ina safu nne badala ya moja, nyuso 64. Kwa ngazi 2 zinakuwa 1,024, na mgeuko wa kiuno unaonekana vizuri kuliko ulivyoonekana kwa zile elfu sitini na tano.

Jumamosi. Mlango kwenye uso wa mviringo

Mizunguko ya kiuno inazunguka jiko zima na haidhuru kitu. Sababu ni mwelekeo wake. Inalala kwa mviringo, na inakatiza koni pale ambapo koni imenyooka, kutoka juu kwenda chini. Kuongeza vipeo kwenye mstari ulionyooka hakubadilishi mstari. Mlango unaleta kitu kingine, kwa kuwa pande zake za wima zinataka mizunguko ya wima, na hiyo inakatiza mviringo wenyewe.

Nilijenga kipande cha majaribio ili niione hasara yenyewe. Katikati ya koni ya chini nusukipenyo ni milimita 110. Kwa vipeo 16, kila safu ina upana wa karibu milimita 43, na uso wa mwisho unakaa kama milimita 2.8 ndani ya kila kipeo cha kizimba. Huo ndio usinyaaji wa Jumatatu. Weka sasa mizunguko miwili ya wima, milimita 2 kila upande wa ukingo mmoja. Kipeo kile kilichokuwa kinarudi milimita 2.8 sasa kinarudi milimita 0.13. Matokeo ni tuta la wima lenye urefu wa zaidi ya milimita 2 na nusu, linalotoka kiuno hadi kitako, juu na chini ya mlango, mahali ambapo bati linatakiwa kuwa safi. Ukitazama kwa MatCap, yaani picha ya mwanga inayobandikwa juu ya umbo, yenye mistari myeusi na myeupe, mistari inapinda ghafla ikifika hapo na kurudi.

Mtu anaweza kudhani kwamba mkunjo utamwokoa, kwa kuwa hauongezi vipeo. Hauokoi. Ukingo wenye mkunjo hautazami nyuso za kando, na ukingo wa wima kwenye koni ni mstari ulionyooka, kwa hiyo hauna kinachouvuta ndani. Unabaki kwenye milimita 110 huku jirani zake wakiwa 107. Mdomo wazi wa tundu unafanya vivyo hivyo, maana mpaka wa uso unafuata kanuni zilezile za mkunjo. Tuta ni lilelile.

Kinacholeta tuta ni pembe kubwa kati ya safu na safu, digrii 22.5 kila moja. Tiba ni kupunguza pembe hiyo kabla ya kukata. Koni ya chini nimeijenga kwa vipeo 64. Kila safu sasa ina upana wa milimita 10.8, usinyaaji wote ni milimita 0.18, na hiyo ndiyo kasoro kubwa kabisa inayoweza kutokea kwa kushikilia au kukunja ukingo wowote wa wima. Mlango unachukua safu 8 kwa upana, milimita 86, na safu 5 za milimita 10 kwa urefu. Gharama ni kizimba kizito zaidi, ila ngazi 1 inatosha badala ya 2, na nyuso za mwisho zinaongezeka kidogo kuliko inavyoogopwa. Koni ya juu nayo nimeipeleka kwenye 64 ili kiuno kisiwe na mahali ambapo safu hazilingani.

Kuna njia nyingine, ya kubaki na vipeo 16 na kuweka modifaya ya Shrinkwrap baada ya Subdivision Surface, ikivuta vipeo kwenye nakala safi ya koni isiyo na mlango. Inafanya kazi, na kwa kizimba ambacho hakiwezi kujengwa upya ningeitumia. Lakini inataka kundi la vipeo lenye uzito uliopakwa kwa uangalifu kuzunguka mlango, na kila ukibadilisha umbo unabadilisha vitu viwili.

Kuzunguka mlango bati limekunjwa kwenda nje, milimita 6, kwa pembe ya digrii 90 na nusukipenyo cha milimita 1. Hapa nataka mizunguko ya kushikilia, kwa umbali wa 2.83, lakini sitaki iende kuzunguka jiko. Nimechagua zile nyuso 40 za mlango na kubonyeza I, nikapata pete inayojifunga kuzunguka mlango wenyewe, kisha nikafuta nyuso za ndani ya pete na kuinua ukingo uliobaki. Pete ya namna hii ina bei yake: kila kona ya nje inapata kipeo chenye kingo tano. Uso wa Catmull na Clark unaendelea kwa ulaini wa mkengeuko, yaani kasi ya uso kugeuka, kila mahali isipokuwa kwenye vipeo visivyo na kingo nne. Hapo mwelekeo wa uso unaendelea, ila mkengeuko unakatika. Kwenye bati lenye safu za digrii 5.6, kipeo hicho hakionekani mradi kisikae juu ya mgeuko wenyewe. Nimekiacha nje, milimita kadhaa kutoka mkunjo wa bati, mahali ambapo uso ni karibu bapa.

Kona nne za mlango hazikuhitaji chochote. Baada ya pete, vipeo vya mpaka vilivyo jirani na kona vinakaa kwa milimita 7.5 hivi, kona inageuka digrii 90, na kwa hesabu ileile nusukipenyo chake ni karibu milimita 2.7. Jiko nililopima lina kona za namna hiyo.

Mwisho, ukingo wa bati lililokatwa. Unene ni milimita moja na nimeupata kwa modifaya ya Solidify iliyotangulia nyingine zote. Hapa mkunjo kamili ndio jibu sahihi. Picha ina upana wa pikseli 1920 na inaonyesha karibu sentimita 40, kwa hiyo pikseli moja ni milimita 0.2. Mgeuko wa ukingo uliokatwa na mkasi ni mdogo kuliko hapo, na kuupa mizunguko ni kujenga kitu ambacho hakuna pikseli ya kukionyesha. Solidify ina sehemu yake ya kuweka mkunjo kwenye kingo inazozizalisha; nimeweka 1 kwa ndani na kwa nje, basi.

Jumatatu ya pili. Kauri, na kutoa faili

Kauri imekwenda haraka, kwa kuwa ni udongo na haina ukingo mkali hata mmoja. Mdomo wake mnene umetokana na safu zilizoachana kwa milimita 20 na zaidi, bila mkunjo wala mzunguko wa ziada. Matundu ya majivu kwenye sakafu yake yana kipenyo cha milimita 20, na kila moja nimelijenga kwa vipeo 8 vyenye kipenyo cha 22.2, yaani 20 kwa 0.9024. Kati ya tundu na tundu nimeacha safu nzima ya nyuso, maana matundu mawili yakishirikiana kipeo kimoja yanavutana na yote mawili yanakuwa mayai.

Jaribio la mwanga limepita kwenye kiuno na mdomo. Uzi wa mng'ao unazunguka ukiwa na upana mmoja, hata unapopita juu ya mlango. Kwenye bati lililokunjwa kuzunguka mlango, mistari ya MatCap inapinda kwa haraka bila kukatika, kama inavyotakiwa kwa mgeuko wa milimita 1.

Kwa upande wa faili, mteja ameomba matoleo mawili. Lile la glTF halibebi mkunjo wala ugawaji. Linapokea nyuso zilizokwisha gawanywa tu, kwa hiyo modifaya zote zinatumika wakati wa kutoa. La USD linaweza kubeba kizimba chenyewe pamoja na ukali wa kila mkunjo, na programu ya kupokea ndiyo itakayogawa. Hapo inabidi kuangalia kitu kimoja upande wa pili: USD huandika ukali kwa kipimo cha hatua, si kwa ile namba ya 0 hadi 1 ya Blender. Mkunjo wangu wa 1 unatakiwa kuonekana kule kama 10 au zaidi. Ukionekana kama 1, kingo za bati zitakuwa na hatua moja tu ya ukali na zitavimba.

Vilivyobaki ni vishikio viwili na zile pande tatu za chuma zinazobeba sufuria. Pande hizo ni vipande vyenye kona za digrii 90 zikutanazo tatu kwa tatu, hivyo uzito wa Bevel wa 0.5 unazihusu moja kwa moja. Vishikio vinaungwa kwenye koni ya juu kwa misumari ya kupigilia, na vichwa vya misumari nitavijenga kama vitu vya pekee vilivyolala juu ya bati, bila kukata kizimba cha koni.